Kumtania bila kumchoma: mwongozo kamili wa utani wa siku za mwanzo

Mtu akishampenda mtu na kupata namba yake, jambo la kwanza analohangaikia ni kuchekesha. Anaandaa mstari, anaomba marafiki wamsaidie, anautuma, halafu anakaa kuangalia tiki za bluu. Kumbe kinachovuta katika siku za mwanzo si ucheshi wa mmoja. Ni kujibizana kwa wawili: huyu anachokoza kidogo, yule anarudisha, na kila mmoja anaona kuwa mwenzake amemsikia. Ndiyo maana mpole asiyejua hata kichekesho kimoja anaweza kufanikiwa, na bingwa wa kijiweni akajikuta amekaushiwa siku ya tatu.

Mwongozo huu unashika kipande kimoja tu cha safari: wiki mbili tatu za kwanza, mmeonana mara moja au mbili, na mazungumzo mengi yanapita WhatsApp. Hapo ndipo utani unapojenga haraka, na ndipo unapoharibu haraka pia.

Kwanza, uelewe huna ruhusa bado

Watanzania tumezaliwa ndani ya utani. Mchagga na Mpare wakikutana ofisini hawapitishi asubuhi bila kurushiana ubahili na tamaa ya pesa. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani wa zamani, ambao wengi huuhusisha na misafara ya karne ya 19 kati ya bara na pwani. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumdai matumizi ya nyumbani. Hata msibani, mtani anaweza kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1940. Alieleza kuwa ni uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine anatakiwa, kumtania mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Angalia sehemu ya pili ya maelezo hayo. Ruhusa haiko mdomoni mwa anayetania. Iko kwa anayetaniwa, na jamii nzima inaijua. Tena ina gharama: mtani yuleyule anayekufanyia fujo msibani ndiye wa kwanza kushika jembe na kusimamia chakula.

Mtu uliyefahamiana naye juzi si mtani wako wa kurithi. Hajakubali chochote, na hana sababu ya kukuvumilia. Kwa hiyo kila mzaha wa mwanzo ni ombi dogo la ruhusa, na hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo: unaomba kidogo, unasubiri jibu, ukipewa unaendelea, ukinyimwa unarudi nyuma bila kununa.

Hapa niseme jambo moja na tuliache. Utani wa kabila, ambao kwa wenzetu wa ofisini ni mchezo mtupu, usiuanze wewe na mtu mpya. Hujui kama kwao unachezwa hivyo, na ukivuka mpaka kwenda Kenya, ambako mwaka 2007 na 2008 watu waliuawa kwa sababu ya kabila, mzaha uleule unaweza kubeba uzito ambao hukuukusudia.

Hatua ya kwanza: fuata mwendo wake

Kabla ya kutania, mnatakiwa kutembea kwa mwendo mmoja. Huku ndiko kuakisi: kuchukua kidogo cha namna mwenzako anavyozungumza na kukirudisha, bila yeye kuhisi anaigizwa. Mwaka 1999 watafiti wawili wa New York, Tanya Chartrand na John Bargh, waliwaketisha watu wasiojuana waelezane kuhusu picha. Katika baadhi ya mazungumzo, mmoja, ambaye alikuwa upande wa watafiti, aliiga polepole mikao na mienendo ya mwenzake. Walioigwa hivyo waliona mazungumzo yalikwenda vizuri zaidi na walimpenda zaidi mwenzao kuliko wale ambao hawakuigwa. Hawakuwa wamegundua kilichofanyika.

Kwenye simu hakuna mikao, lakini mwendo upo. Anaandika sentensi ndefu zenye nukta na mkato, au vipande vitano vifupi mfululizo? Anasalimia "habari za asubuhi" au "mambo"? Anapenda kuandika au kutuma ujumbe wa sauti? Anajibu papo hapo mchana, au anatulia mpaka saa mbili usiku akishaoga na kula? Wewe sogea karibu na hapo. Akiandika mistari miwili, usimjibu kwa mistari kumi na mbili. Akisalimia kwa heshima, rudisha heshima kwanza, hata kama kwenu "niaje" ndiyo salamu ya kila mtu.

Jambo linaloakisika vizuri kuliko yote ni vile vineno vidogo ambavyo havina maana kubwa vikiwa peke yake: eti, kwani, yaani, basi, mbona, sasa. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 uliangalia watu waliokutanishwa kwa dakika chache ili watafute wachumba, nao uliona kuwa waliofanana katika matumizi ya vineno vya namna hiyo kwa lugha yao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutamaniana wote wawili. Kiswahili kimejaa vineno hivi, na kila mtu ana vyake. Msome kwa siku mbili utaviona. Yuko wa "yaani" na yuko wa "kwani". Ukianza nawe kumwambia "kwani" pale panapofaa, anasikia mtu wa karibu bila kujua kwa nini.

Njia ya pili, na ndiyo ninayoiamini zaidi, ni kurudisha neno lake mwenyewe. Amesema bosi wake "anatembea kama mkaguzi". Kesho yake usimuulize "kazi inaendeleaje". Muulize "mkaguzi ameamkaje leo". Hapo hujatania bado, hujamgusa kwa lolote, lakini umemwonyesha kuwa ulisikiliza, na mmeshapata neno lenu wawili.

Kuakisi kuna mipaka, na inavunjwa kirahisi. Usiige lafudhi. Mtu wa Mbeya au wa Zanzibar anajua anavyosikika, na ukijaribu kumfuata atadhani unamcheka. Usiige kasoro: kigugumizi, makosa ya herufi, tabia ya kurudia maneno. Wala usiige ubaridi. Akichelewa saa nne kujibu kwa sababu alikuwa kazini, wewe kuchelewa saa nne kwa makusudi ni kulipiza kisasi tu. Utajua umezidisha pale atakapokuuliza "mbona unanirudia?" Ukisikia hivyo, acha kabisa kwa siku kadhaa.

Hatua ya pili: chagua pa kugusa

Utani salama unagusa kitu ambacho mtu amekichagua mwenyewe, anaweza kukibadilisha, na kwa siri anakionea fahari. Anaamka saa kumi na moja kukimbia. Ana daftari la kila senti anayotumia. Hali ugali usiokuwa na dagaa. Anashabikia timu ambayo wikiendi hii imefungwa. Ukimgusa hapo, ndani ya mzaha kuna sifa imejificha: umemwona alivyo.

Kitu ambacho hakukichagua kiache: mwili, rangi, urefu, meno, lafudhi, ukoo, dini. Na kuna kundi la tatu ambalo wengi hulisahau, nalo ndilo hatari zaidi kwa watu wa umri wa miaka ishirini na kitu na thelathini: mambo ambayo ndugu zake wanamsumbua nayo. Ndoa, watoto, kazi ya kudumu, kujenga. Wewe unadhani umebuni mzaha mpya kumbe ni swali lilelile la shangazi, limevaa kicheko.

Pesa inahitaji busara ya pekee. Kumtania aliye na uwezo kwa ubahili ni salama kidogo. Kumtania ambaye huenda amepiga mwezi mzima bila mshahara si salama hata kidogo, na mwanzoni huwezi kujua ni yupi.

Hatua ya tatu: tia chumvi mpaka isiaminike

Mzaha mzuri wa mwanzo una uchokozi mdogo na alama kubwa. Dacher Keltner na wenzake, walipochambua kutaniana mwaka 2001, walieleza utani kuwa ni uchokozi wa makusudi unaoambatana na ishara za kuonyesha kuwa si wa kweli: sauti iliyobadilika, jicho, tabasamu, maneno yaliyotiwa chumvi. Ishara zikipungua unabaki uchokozi peke yake.

Kwenye maandishi, sauti na jicho havipo. Umebaki na kutia chumvi, na kwa hiyo itie ya kutosha. Linganisha hizi mbili, kwa mtu aliyechelewa dakika ishirini mlipokutana:

"Wewe na kuchelewa ni damudamu."

"Nimekaa hapa mpaka mhudumu ameanza kunihesabu kama meza."

Ya kwanza inaweza kuwa kweli. Ni shutuma iliyopakwa kicheko, na mtu mwenye akili atajitetea. Ya pili haiwezi kuwa kweli hata kidogo, kwa hiyo hakuna cha kujitetea, na tena aliyedhalilika ndani yake ni wewe msemaji. Hiyo ndiyo kanuni ninayowapa wadogo zangu: mara ya kwanza kabisa, kicheko kikuangukie wewe zaidi kuliko yeye. Ukiweza kujicheka bila kujidharau, mwenzako anajua mchezo huu hauui mtu.

Halafu acha mlango. Mzaha unaofunga mazungumzo ni wa jukwaani. Wa watu wawili unamwachia mwenzako pa kukurudishia. "Mhudumu ameanza kunihesabu kama meza" inamwachia nafasi ya kusema "basi ndiyo maana nimekuja na kitambaa." Kabla ya kutuma, jiulize yeye angeweza kujibu nini. Usipoona jibu lolote isipokuwa "hahaha", tafuta sentensi nyingine.

Imoji zinasaidia kuonyesha kuwa unacheka, lakini haziokoi sentensi mbaya. Ukijikuta unaweka nne za kulia kwa kicheko ili sentensi isionekane kali, basi ni kali.

Hatua ya nne: soma jibu kabla ya kurusha lingine

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanapotuma mzaha wanasubiri kicheko, na kicheko si kipimo. Watu hucheka kwa adabu. Kipimo ni kurudishiwa.

Akirudisha, yaani akichukua maneno yako na kuyageuza yakupige wewe, umepewa ruhusa. Sasa umeshakuwa na mtani. Akicheka tu, "hahaha" na basi, hujakosea lakini hujapewa chochote. Zungumza mambo ya kawaida, na jaribu tena kesho kwa kitu kingine. Akijieleza ("hapana, ni foleni ilikuwa pale Ubungo, na simu ilikuwa imeisha chaji"), amesikia shutuma. Usimtanie tena juu ya hilo, mpokee: "Foleni ya Ubungo naijua, pole." Na akipoa, yaani aliyekuwa anaandika sentensi ameanza kukujibu "sawa", "haya", "poa", kuna kitu kimegusa, hata kama ameweka imoji ya kucheka mwishoni.

Uso kwa uso usomaji ni rahisi zaidi. Watu wakizungumza, katika lugha 10 zilizochunguzwa mwaka 2009 kutoka mabara mbalimbali, jibu hutoka kwa wastani baada ya sehemu kama moja ya tano ya sekunde. Mzaha uliopokelewa vizuri hujibiwa ndani ya mwendo huo au hata juu ya maneno yako. Mzaha ulioumiza unaleta pengo: anatulia, anaangalia pembeni, kisha anatabasamu. Tabasamu lililochelewa lisikudanganye.

Kejeli: kwa nini ya maandishi inauma zaidi

Kejeli ni kusema kinyume cha unachomaanisha na kumwachia mwenzako akisie. "Hongera, umefika mapema sana leo." Kwa watu waliozoeana miaka, haina shida. Kwa wapya, ina matatizo mawili.

La kwanza linapimika. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao waliwafanya watu watumiane sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za kweli. Watumaji walitabiri kuwa wenzao wangezitofautisha kwa takribani asilimia 78. Waliosikia kwa sauti walipatia karibu asilimia 73. Waliosoma kwa barua pepe walipatia asilimia 56, kiwango kisichozidi sana kurusha sarafu. Mtumaji anaisikia sauti yake kichwani anapoandika, ndiyo maana hajui kuwa sauti hiyo haikusafiri. Kwa hiyo, ikiwa huwezi kuacha kejeli, iseme kwa ujumbe wa sauti.

La pili ni letu wenyewe. Pwani, maneno ya kupinda ni sanaa. Kanga inavaliwa ili jirani aisome. Mipasho ya taarabu inaimbwa kwa mtu ambaye hatajwi, naye anajua anaimbwa yeye, anasimama kutuza huku macho yamemtoka. Aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo amefundishwa tangu utotoni kutafuta aliyelengwa. Ukimtumia kejeli uliyodhani nyepesi, atakaa nayo usiku akiifungua kama kijembe, na atapata maana hata kama hukuiweka. Kwa mtu wa hivyo, utani wa wazi na wa kupindukia ni salama kuliko maneno ya akili. Na ukiona yeye ndiye anayekurushia mafumbo, uliza moja kwa moja kwa upole, "hili nalipokea kama utani au kama ujumbe?" Mara nyingi atacheka na kukuambia ukweli.

Mfano kutoka mwanzo

Tuchukue kijana fundi wa viyoyozi na dada mweka hazina wa kamati ya harusi, Dar es Salaam. Kikao cha Jumapili dada amesimama na kuwasomea watu madeni yao ya ahadi kwa sauti, jina kwa jina. Kijana yumo. Baada ya kikao anamwomba namba ili amtumie uthibitisho wa malipo, badala ya kuichomoa tu kwenye kundi la WhatsApp. Kesho yake jioni:

"Habari za jioni. Mimi ni yule wa mwisho kwenye orodha yako. Nimetuma, naomba uthibitishe kabla hujanisoma tena mbele za watu."

"Nzuri, karibu. Imeingia, asante. Jina lako nimelifuta kwenye orodha ya wakosefu, kwa kalamu nyekundu."

Kijana ameanza kwa salamu kamili na kujicheka mwenyewe. Dada ameandika sentensi zilizonyooka, kisha ametupa neno la mchezo: wakosefu. Kijana halipotezi.

"Kalamu nyekundu! Kumbe wakosefu tuna madaraja. Wa kalamu nyeusi wanapelekwa wapi?"

"Wanapika pilau siku ya harusi 😂"

"Basi ungeniacha hukohuko. Pilau yangu ina sifa."

"Sifa za nani? Za mama yako hazihesabiwi."

"Nimenyamaza. Umemkataa shahidi wangu kabla kesi haijaanza."

Angalia kuwa kijana amekubali kushindwa. Angeweza kutafuta jibu kali zaidi, na wanaume wengi hapo ndipo wanapoharibu, wanageuza mchezo kuwa mashindano. Baada ya kurushiana mara tatu au nne, anaweka sentensi isiyo na mzaha:

"Lakini kwa kweli, ile kazi ya kusimama na kuwasomea watu madeni mimi nisingeiweza. Umeizoea wapi?"

"Niko SACCOS, idara ya mikopo. Nimezoea kuchukiwa."

Sentensi hiyo ina pande mbili. Ni mzaha, na ni ukweli. Anayekimbilia mzaha atasema "ndiyo maana una sura ya kudai", na atakuwa amegusa sura na kazi kwa mkupuo mmoja. Kijana anajibu upande wa ukweli kwanza: "Nyie mnakumbukwa siku ya kukopa, siku ya marejesho simu hazipatikani. Inachosha eeh?" Dada anaandika ujumbe mrefu kuliko wote uliotangulia. Kupishanisha huku, mchezo kidogo kisha ukweli kidogo, ndiko mdundo wenyewe. Mzaha mtupu kwa siku tatu unachosha na unaanza kuonekana kama kujificha.

Siku ya nne kijana anakosea. Anaandika: "Afisa mikopo hajaolewa, kumbe hata wachumba wanaogopa riba." Alidhani anaendeleza mchezo wa madeni. Dada anajibu: "Hahaha. Haya."

Aliyekuwa anaandika mistari minne amebaki na neno moja. Kijana anaona, na hasubiri kesho:

"Ile ya riba haikuwa nzuri. Nimeingiza mambo ya ndoa kwenye utani na hayanihusu. Samahani."

Msamaha huo una mambo matatu: umetaja kilichosemwa, umetaja kwa nini ni kosa, na haukudai chochote. Haukusema "nilikuwa natania tu", maneno ambayo hayaombi radhi bali yanamwambia mwenzako kosa ni lake kwa kuumia. Haukusema "kama nimekukwaza". Wala haukufuatwa na mzaha mwingine wa kupoza. Dada anajibu, "Sawa. Hilo leo nimeshaulizwa na shangazi wawili." Kijana anasema "pole", na kwa siku mbili anaandika mambo ya kawaida tu, ya kazi na ya joto la jiji. Haanzi utani. Ruhusa imerudi kwa mwenye nayo, na ni yeye atakayeitoa tena.

Siku ya sita asubuhi inakuja meseji: "Mpishi wa pilau umepotea."

Sasa mchezo umerudi. Na kama isingekuja? Basi mazungumzo yangebaki ya heshima tu, na kijana angejua amefika mwisho wa njia hiyo. Hakuna msamaha wa pili wala wa tatu unaofungua mlango uliokwisha kufungwa. Unamchosha tu aliyeufunga.

Pale ambapo usitanie kabisa

Mbele za watu wake, wiki za mwanzo. Kilichokuwa kitamu ninyi wawili kinakuwa aibu akiwepo mdogo wake au mfanyakazi mwenzake. Kwenye kundi la kamati, mwite kwa heshima kama wengine wanavyomwita.

Ukiwa juu yake kikazi: msimamizi wake, mwalimu wake, mtu anayesaini posho yake. Hapo hawezi kukurudishia kwa uhuru, na utani usioweza kurudishwa haumpi nafasi ya kukataa. Ukitaka kujua kama unamtania au unamwonea, angalia kama amewahi kukuchokoza yeye kwanza. Kama hajawahi hata mara moja, acha.

Siku anazoumwa, amefiwa, au amepata habari mbaya kazini. Utani wa msibani ni wa watani wa kurithi, si wako.

Kutoka kwenye utani kwenda kwenye mwaliko

Watu wawili wakishazoea kurushiana, wanaweza kukaa hivyo miezi bila hata mmoja kujua anatakiwa nini. Sehemu yake ni woga: mwaliko uliosemwa kwa mzaha ("ukija nitakupikia hiyo pilau uandike wosia") ukikataliwa, unaweza kudai ulikuwa unatania. Mwenzako analijua hilo, na ndiyo maana naye anajibu kwa mzaha.

Mwaliko useme mkavu, wenye siku, saa na mahali. Kijana wetu, jioni ya siku ileile ya meseji ya pilau, baada ya kurushiana mara mbili, aandike hivi: "Jumamosi natoka kazini saa tisa. Ningependa tukae mahali tule chakula, mimi na wewe, nje ya mambo ya kamati. Ikiwa haifai niambie tu." Baada ya hapo asiongeze neno, hata kama dakika kumi zinapita na vidole vinawasha.

Dada akijibu kwa mzaha usiotaja siku, kijana aulize mara moja zaidi, bila mzaha: "Kwa hiyo Jumamosi inakufaa au haikufai?" Akikwepa tena, amekataa kwa adabu. Amjibu "sawa, nimekuelewa", na kikao cha Jumapili amsalimie kama alivyomsalimia wiki iliyopita.